Mstari mwekundu wa haidrojeni: kwa nini nanomita 821 haiwezi kuwa nyekundu

Binti wa jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, yuko kidato cha sita, tahasusi ya PCB. Wiki iliyopita alibisha hodi jioni akiwa na daftari mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, karibu ndani."

Hakuingia. Alikaa kwenye kigoda cha barazani, akafungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe, akaweka kidole kwenye swali. Elektroni ya atomu ya haidrojeni imeshuka kutoka ngazi ya 3 hadi ngazi ya 2. Tafuta urefu wa wimbi la mwanga unaotoka, kisha utaje rangi yake. Jibu lake alikuwa amelipigia mistari miwili chini: nanomita 821, rangi nyekundu. Pembeni pana alama ya kosa, bila neno jingine.

"Lakini mwalimu, si ni nyekundu kweli?"

Ni nyekundu kweli. Ila mwanga wa nanomita 821 hauonekani kwa jicho la mtu. Jicho letu linapokea takriban kuanzia nanomita 400, ambako ni zambarau, hadi 700 hivi, ambako ni nyekundu nzito. Zaidi ya hapo ni giza, hata kama mwanga upo. Kwa hiyo sehemu mbili za jibu lake zilikuwa zinapingana, na ugomvi huo peke yake ulitosha kumwambia kuna jambo halijakaa sawa kabla mwalimu wake hajashika kalamu. Nimeamua kuandika tulivyolifungua fundo hilo, kwa sababu wanaokwama hapo ni wengi, na kosa lenyewe lina undugu na maneno ninayoyasikia vijiweni kuhusu mionzi.

Neno moja, maana mbili

Tatizo la kwanza tunalibeba kwenye lugha yetu. Mtangazaji wa redio anasema kituo chake kinapatikana kwenye masafa ya megahezi 90. Redio ya zamani ya mkulima nayo imeandikwa masafa mafupi na masafa ya kati. Neno ni lilelile, lakini vinavyotajwa ni vitu viwili. Mtangazaji anataja mara ngapi wimbi linatetema kwa sekunde. Masafa mafupi yanataja urefu wa wimbi lenyewe. Na vitu hivi viwili vinakwenda kinyume: kimoja kikipanda, kingine kinashuka. Mwanafunzi aliyezoea neno masafa kwa yote mawili anaingia darasani akiwa tayari amechanganyikiwa, na si kosa lake.

Kwa hiyo hapa nitasema urefu wa wimbi na frikwensi, basi. Urefu wa wimbi ni umbali kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Frikwensi ni idadi ya vilele vinavyokupita kwa sekunde moja, na kipimo chake ni hezi. Mwanga wote, uwe wa redio, wa jua au wa eksirei, ukiwa kwenye ombwe unakwenda kwa mwendo mmoja, mita milioni 300 kwa sekunde. Fikiria treni mbili zinazopita stesheni kwa mwendo ule ule, moja ya mabehewa marefu, nyingine ya mabehewa mafupi. Ukihesabu kwa dakika moja, mabehewa mafupi yatakupita mengi zaidi. Ndiyo maana ya mlinganyo huu:

```
c = λ × f
```

Hapo c ni mwendo wa mwanga, λ ni urefu wa wimbi na f ni frikwensi.

Sasa nishati. Mwaka 1900 Max Planck alionyesha kwamba kitu chenye moto hakitoi nishati ya mwanga kama maji yanayoweza kupunguzwa hadi kiasi chochote. Kinaitoa kwa mafungu. Mwaka 1905 Albert Einstein akasema mwanga wenyewe ndio uko kwa mafungu. Fungu moja la mwanga ndilo tunaloliita fotoni, na thamani yake inategemea frikwensi tu:

```
E = h × f
h = 6.626 × 10⁻³⁴ J·s
```

Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Taa ikiwaka zaidi, wanadhani kila fotoni imekuwa na nguvu zaidi. Sivyo. Taa nyekundu hafifu na taa nyekundu kali zinatoa fotoni za thamani ileile. Iliyo kali inatoa nyingi zaidi kwa sekunde.

Kijiweni karibu na soko la Majengo, kwenye kahawa na kashata, niliwahi kumsikia mzee mmoja akisema mnara wa simu unatoa mionzi ileile ya eksirei, tena mchana na usiku. Nilimwelewa, kwa sababu Kiswahili kinaita vyote mionzi. Lakini tukipima fotoni moja moja, tofauti inaonekana. Kipimo kinachofaa hapa ni elektronivolti, yaani nishati inayopata elektroni moja ikivuka volti moja. Kwa kifupi huandikwa eV. Simu ya megahezi 900 inatumia fotoni ya takriban eV 0.0000037. Fotoni ya mwanga mwekundu tutakayoihesabu hapa chini inazidi hiyo kama mara laki tano. Fotoni ya eksirei ya hospitali inabeba makumi ya maelfu ya eV. Kung'oa elektroni kwenye atomu ya haidrojeni kunataka 13.6. Fotoni moja ya simu haifiki hata mlangoni, na zikija nyingi hazichangi, kwa kuwa kwa kawaida elektroni inapokea fotoni moja kwa wakati. Ni kama muuzaji anayetaka noti moja ya elfu kumi: gunia la sarafu halimsaidii. Mawimbi ya redio yakiwa na nguvu nyingi yanaweza kupasha joto, hilo ni la kweli na ndilo linalowekewa viwango. Kuvunja atomu kama eksirei ni jambo jingine.

Daftari la deni

Turudi barazani. Binti alikuwa amekariri fomula ya ngazi za haidrojeni na anaijua vizuri:

```
E = −13.6 / n²   (eV)
```

Akaweka 3 mahali pa n, akapata −1.51. Akatupa alama ya kutoa kwa sababu "nishati haiwezi kuwa hasi", akageuza 1.51 kuwa urefu wa wimbi. Nanomita 821 imetoka hapo.

Nikamuuliza: hiyo alama ya kutoa inasema nini? Hakujua. Na hapo ndipo kiini cha jambo kilipo, kwa hiyo sikuharakisha.

Nilimwambia afikirie daftari la Mangi wa dukani, lile la wanaokopa. Aliye huru, asiyedaiwa, ameandikwa sifuri. Elektroni iliyotoka kabisa kwenye atomu ndiyo hiyo: sifuri, haidaiwi, inakwenda itakako. Elektroni iliyo ndani ya atomu imeshikwa na protoni, na ili itoke ni lazima ilipe. Kiasi inachodaiwa ndicho kinachoandikwa kwa alama ya kutoa. Ngazi ya 1, iliyo karibu zaidi na kiini, inadaiwa 13.6. Ngazi ya 2 inadaiwa 3.40. Ngazi ya 3 inadaiwa 1.51. Ngazi ya 4 inadaiwa 0.85. Unaona jinsi pengo linavyopungua kadiri unavyopanda: kutoka ya 1 hadi ya 2 ni pengo kubwa la 10.2, kutoka ya 3 hadi ya 4 ni 0.66 tu. Ngazi hizi hazifanani na ngazi za nyumba, ambazo kila kipandio ni sawa na kingine. Tena hakuna kusimama katikati. Hakuna ukurasa wa deni la 2.00 kwenye daftari la haidrojeni.

Sasa mteja aliyekuwa akidaiwa 1.51 leo anadaiwa 3.40. Kuna nini kimetokea? Kuna kitu kimetoka dukani, na thamani yake ni tofauti ya madeni hayo mawili. Kwa atomu, kilichotoka ni fotoni. Namba ya ngazi moja peke yake haikuambii chochote kuhusu mwanga. Mwanga uko kwenye pengo kati ya ngazi mbili.

"Kwa hiyo mimi nimehesabu deni, sijahesabu kilichochukuliwa," akasema. Naam. Na kama 1.51 ina maana yoyote, ni kwamba ndiyo bei ya kuitoa elektroni ya ngazi ya 3 nje ya atomu moja kwa moja. Alikuwa amejibu swali jingine ambalo hakuulizwa.

Tukaanza upya, taratibu, hatua kwa hatua.

Tofauti ya ngazi: 3.40 kutoa 1.51 ni eV 1.89. Hiyo ndiyo nishati ya fotoni, na ni chanya, kwa sababu fotoni iliyokwisha kutoka haidaiwi na mtu.

Kuigeuza iwe jouli, tunazidisha kwa 1.602 × 10⁻¹⁹, tunapata 3.03 × 10⁻¹⁹. Kisha tunagawanya kwa h kupata frikwensi:

```
f = 3.03 × 10⁻¹⁹ / 6.626 × 10⁻³⁴
  = 4.57 × 10¹⁴ Hz
```

Na urefu wa wimbi:

```
λ = 3.00 × 10⁸ / 4.57 × 10¹⁴
  = 6.56 × 10⁻⁷ m = 656 nm
```

Nanomita 656 imo ndani ya yale yanayoonekana, tena upande wa nyekundu. Rangi na namba sasa zinasema jambo moja.

Ipo njia ya mkato ambayo naipenda kwa kukagua jibu, ingawa kwenye mtihani ni vizuri kuonyesha hatua zote. Ukizidisha h na c kisha ukaweka eV na nanomita, unapata karibu 1240. Basi urefu wa wimbi kwa nanomita ni 1240 kugawanya kwa eV. 1240 kwa 1.89 ni 656. Inafanyika kwa penseli pembeni ya karatasi.

Kila kosa na rangi yake

Kwa miaka niliyosahihisha swali hili nimegundua jambo moja la manufaa: makosa hayatawanyiki ovyo. Yanarudi yaleyale, na kila moja lina urefu wake wa wimbi. Ukiyajua, unalitambua kosa kwa kutazama jibu tu.

Aliyechukua ngazi ya 3 peke yake anapata 821, kama huyu. Aliyechukua ngazi ya 2 peke yake, yaani 3.40, anapata 365, ambayo iko upande wa pili wa macho yetu, kwenye urujuanimno. Aliyejumlisha madeni badala ya kutoa anapata 4.91, na wimbi la nanomita 253 hivi, urujuanimno vilevile.

Aliyetoa namba za ngazi, 3 kutoa 2 ni 1, kisha akaweka hiyo 1 kwenye fomula, anapata 13.6 na wimbi la nanomita 91. Huyo amesema, bila kukusudia, kwamba kuporomoka ngazi moja huko juu kunatoa nishati ya kutosha kuivunja atomu nzima ya haidrojeni. Ukiona nishati ya fotoni inafika 13.6 kwenye swali la kushuka kati ya ngazi mbili, rudi nyuma. Haidrojeni haina pengo kubwa kiasi hicho ndani yake.

Aliyesahau kugeuza eV kuwa jouli ndiye rahisi kuliko wote kumtambua. Anapata wimbi la mita 1 × 10⁻²⁵. Protoni yenyewe ina ukubwa wa karibu 10⁻¹⁵. Wimbi lake ni dogo kuliko protoni mara bilioni kumi, na mwanga wa taa hauko hivyo.

Lililo la hatari zaidi ni kosa la kipeo cha pili. Mwanafunzi anakumbuka kutoa, anakumbuka kugeuza, lakini anaandika 1/2 kutoa 1/3 badala ya 1/4 kutoa 1/9. Anapata eV 2.27 na nanomita 547. Namba inaonekana nzuri, imo ndani ya macho yetu, ni kijani safi. Hakuna kinachomshtua. Kinachomkosesha ni kwamba haidrojeni haina mstari wowote wa kijani hapo, yaani haitoi mwanga wa urefu huo wa wimbi. Mistari yake inayoonekana waziwazi ni minne, na yote ni ya elektroni inayoangukia ngazi ya 2: 656 nyekundu, ikitoka ya 3, 486 ya buluu-kijani, ikitoka ya 4, 434 ya buluu-zambarau, ikitoka ya 5, na 410 ya zambarau, ikitoka ya 6. Nyingine zinazofuata zinasongamana kuelekea 365 na jicho linazipoteza.

Minne hii ilipimwa kabla mtu yeyote hajajua kuna elektroni. Mwaka 1885 Johann Jakob Balmer, mwalimu wa hisabati katika shule ya wasichana mjini Basel, Uswisi, aliikalia mpaka akaona mpangilio: chukua nanomita 364.56, zidisha kwa n² kugawanya kwa n² kutoa 4. Weka 3, unapata 9/5, na jibu ni 656.2. Weka 4, unapata 486.1. Hakujua kwa nini inakubali. Elektroni ilitambuliwa mwaka 1897, na Niels Bohr akaleta wazo la ngazi mwaka 1913. Ile 4 ya Balmer ni 2 kwa kipeo cha pili, yaani ngazi ya 2 ilikuwa imejificha ndani ya fomula yake kwa miaka 28.

Binti akauliza mbona basi elektroni isiendelee kushuka hadi ya 1. Inaendelea. Ikitoka ya 2 kwenda ya 1 inatoa fotoni ya 10.2, wimbi la nanomita 122, urujuanimno ambao hata hewa inaumeza. Kila kuporomoka kunakoishia ngazi ya 1 ni kwa namna hiyo, kwa sababu pengo dogo kabisa hapo ni 10.2. Kunakoishia ngazi ya 3 nako kuna mapengo madogo mno, chini ya 1.51, kwa hiyo ni mwanga wa joto tusiouona. Ngazi ya 2 ndiyo pekee ambayo mapengo yake yanaangukia kwenye jicho.

Jambo jingine ambalo vitabu vinapitia haraka: atomu moja haitoi mistari minne kwa pamoja. Atomu moja, kwa kushuka mara moja, inatoa fotoni moja. Mistari yote inaonekana kwa wakati mmoja kwa sababu ndani ya tyubu ya kioo yenye gesi ya haidrojeni inayowashwa kwa umeme kuna atomu nyingi mno, hii inashuka hivi, ile vile. Nilipokuwa chuoni niliitazama tyubu ya haidrojeni. Kwa macho matupu inawaka rangi ya waridi, moja tu. Ukiweka jicho kwenye spektroskopu, chombo kinachotenganisha rangi za mwanga, waridi inapotea, unabaki na giza lenye nyuzi chache nyembamba, nyekundu ikiwa imesimama mbali kidogo na wenzake. Waridi haikuwemo kwenye atomu kamwe. Ilikuwa ni jicho langu likichanganya nyekundu na buluu.

Tyubu ya haidrojeni huipati Nkuhungu. Lakini nilikuwa na sidii ya zamani iliyokwaruzika, na jikoni kwetu kuna taa ya tyubu ndefu. Tukazima taa nyingine, nikamwambia aishike sidii karibu na jicho na kuiinamisha taratibu mpaka mwanga wa tyubu ugawanyike. Mistari ya sidii imekaribiana sana, karibu mikrometa 1.6, ndiyo maana inachambua rangi. Kwa balbu ya LED unaona upinde mzima usiokatika. Kwa tyubu upinde unavunjika vipande: buluu-zambarau, pengo, kijani kikali, pengo, kisha chungwa na nyekundu.

"Mwalimu, kijani hiki ni ngapi?"

Ndani ya tyubu kuna mvuke wa zebaki, na zebaki ina mstari kwenye 546 na mwingine kwenye 436. Unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo nao unaongeza rangi zake. Nikamtahadharisha asijaribu kuipata 546 kwa fomula ya 13.6. Fomula hiyo ni ya atomu yenye elektroni moja. Zebaki ina elektroni 80, zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, na daftari lake la madeni halina fomula fupi namna hiyo. Wazo la pengo kati ya ngazi linabaki palepale. Namba ndizo zinazobadilika.

Akaandika 546 pembeni ya daftari, akaitazama kidogo. Kisha akafungua kurasa za nyuma, alikokuwa amenakili jibu la mwenzake wa dawati moja ili alinganishe. Nanomita 547, kijani. Hakukuwa na hatua hata moja iliyoandikwa.

"Huyu," akasema, "amesahau kipeo cha pili."